Namba kubwa kwenye listi ya hasi tupu

"Natafuta namba kubwa bila max(), listi ikiwa hasi zote inaniletea 0, nimekosea wapi?"

Anza na namba ya kwanza ya listi yenyewe, sio 0. Chukua [-7, -3, -12], lupu inauliza -7 imezidi 0? hapana, -3? hapana, -12? hapana, basi inamaliza na ile 0 uliyoiweka mwenyewe na kwenye listi haimo kabisa.

```python
kubwa = listi[0]
for n in listi[1:]:
    if n > kubwa:
        kubwa = n
```

Hapo inaanza na -7, -3 inaipita, -12 inashindwa, unabaki na -3.

Wapo wanaosema badala ya 0 uanze na -9999, wako nusu sahihi, inafanya kazi mpaka siku iingie listi yenye -20000 tupu, mimi ilinikuta kwenye hesabu za hasara za duka na nilichelewa sana kugundua. float("-inf"), yaani hasi isiyo na mwisho, haina hiyo shida ila listi ikiwa haina kitu inakurudishia -inf kimyakimya, wakati listi[0] inapiga IndexError palepale. Wengine wanapenda irudishe None, mimi naona bora kosa lionekane.