Kutafuta nishati amilishi kwa halijoto mbili: makosa hutokea kwenye kugawanya

Dinitrojeni pentoksidi huvunjika kwa kasi inayopimika vizuri, ndiyo maana walimu wa kemia huipenda. Kwenye 298 K konstanti yake ya kasi, k, ni 3.46 × 10⁻⁵ kwa sekunde. Kwenye 328 K inafika 1.50 × 10⁻³. Hizo mbili zinatosha kupata nishati amilishi, Ea, kwa mlinganyo wa Arrhenius ulioandikwa hivi:

```
ln(k2/k1) = (Ea/R) × (1/T1 − 1/T2)
```

Anza na uwiano wa k: 43.35, na logi asilia yake ni 3.769. Halafu 1/298 − 1/328, ambayo ni 0.0003069. Zidisha 3.769 kwa konstanti ya gesi, R, yaani 8.314, ugawanye kwa 0.0003069. Unapata jouli 102,100 kwa moli, sawa na kilojouli 102.

Hatari kubwa iko kwenye ile tofauti ndogo. Ukikadiria mapema, 1/298 ikawa 0.0034 na 1/328 ikawa 0.0030, tofauti inakuwa 0.0004 na jibu linaporomoka hadi kilojouli 78. Acha tarakimu zote ndani ya kikokotoo, ukadirie mwishoni tu.

Makosa mengine hujitaja yenyewe kwenye jibu. Ukitumia selsiasi, 25 na 55, unapata kilojouli 1.4, kiasi kidogo mno kwa mmenyuko unaoongeza kasi mara 43 kwa nyuzi 30. Ukibonyeza `log` badala ya `ln`, unapata 44, pungufu mara 2.303. Jibu hasi maana yake umegeuza T1 na T2 upande mmoja tu.

Kwenye maabara, jambo la kuamua mapema ni umbali kati ya halijoto zako. Tuseme kila k inaweza kukosewa kwa asilimia 5, moja juu na nyingine chini. Logi ya uwiano itayumba kwa takriban 0.1. Kwa pengo la nyuzi 30, hiyo ni kilojouli kama 3 tu. Kwa pengo la nyuzi 10, logi yenyewe ni 1.34, kwa hiyo kosa lile lile linakula kilojouli 7 na zaidi. Pengo likiwa kubwa sana nalo lina shida yake, kwani mmenyuko unaweza kubadili njia.

Na nukta mbili hupitiwa na mstari ulionyooka daima, hata kama vipimo ni vibovu. Kwa hiyo pima ya tatu katikati. Kwenye 318 K, Ea yetu inatabiri k ya 4.62 × 10⁻⁴, ilhali kipimo kinachojulikana ni 4.98 × 10⁻⁴. Pengo ni kama asilimia 7, ambalo mtu anaweza kulivumilia. Kipimo chako kikitoka mara mbili ya utabiri, usiandike Ea kwanza. Rudi ukakague kipimajoto na beseni la maji.