Usikubali asilimia 10 ya mgeni atakayehesabiwa na dalali

"Nina wafuasi 60,000 TikTok, video zangu nyingi ni za Lamu mjini na Shela. Kuna dalali anataka nimtangazie nyumba za wageni kwa miezi mitatu, nilipwe asilimia 10 kwa kila mgeni atakayekuja kupitia kwangu. Nikubali?"

Usitie sahihi. Mkataba huo naujua neno kwa neno, nimeufanyia kazi msimu mzima hapa hapa Lamu, na sumu yake iko kwenye hayo maneno "kupitia kwangu". Nani atakayesema mgeni fulani kapitia kwako? Dalali. Nani atakayetoa pesa akishasema hivyo? Dalali huyo huyo. Wewe huoni daftari, huoni bukingi, unasubiri kuambiwa.

Hebu fuata safari ya mgeni mwenyewe. Yuko Nairobi, mwezi wa Agosti anaona video yako ya baraza la nyumba Shela, anaihifadhi, anamtumia shoga yake. Likizo yao ni Desemba. Wanaanza kuulizia bei ya ndege ya kuja Manda, wanachangishana, wanaahirisha, wanarudi tena. Siku ya kulipa ikifika hakuna anayeitafuta video yako. Anaandika jina la nyumba kwenye Google, anaikuta Booking.com au Airbnb, analipa hapo hapo. Kwa dalali, huyo ni mgeni wa Booking.com. Wewe ndiye uliyemleta, lakini hakubonyeza linki yako wala hakukuandikia inboksi. Na mkataba wako wa miezi mitatu ulioanza Agosti umeshakufa kabla Desemba haijafika.

Mimi nilikuja kulijua hili gatini Shela. Msimamizi wa nyumba niliyokuwa nikiitangaza alikuwa anapokea mizigo ya wageni kutoka kwenye boti, akaniita kwa furaha: "Nyumba imejaa mpaka mwaka mpya, kila anayekuja anataka kupiga picha pale ulipokaa wewe kwenye video." Nikampigia dalali papo hapo. Akanijibu bila hata kusita kwamba wale "wameingia kwa mtandao, hawahesabiki". Nimuulize nini tena? Mimi nilikuwa napiga kazi wapi kama si mtandaoni?

Hesabu ilikuwa hivi. Nyumba ilikuwa ya shilingi 12,000 kwa usiku, na wageni wengi walikaa usiku 4, yaani 48,000. Asilimia 10 ni 4,800. Alizokubali kuhesabu ni bukingi 3 tu, za watu walioniandikia mimi na nikawapeleka kwake mkononi. Jumla 14,400, na hapo boti ya kwenda na kurudi, bando na siku nzima za kuhariri ni juu yangu. Muda huo huo mwenye nyumba mwingine alikuwa tayari kunipa 25,000 taslimu kwa video mbili. Nikashindwa kuzipokea kwa sababu mkataba ulikuwa na kifungu kinachosema nisitangaze "malazi mengine yoyote Kaunti ya Lamu". Kitafute kwenye wako, hakikosi. Huwa kimefichwa chini kabisa, baada ya mambo ya adabu na lugha nzuri. Mtu anayekufungia kaunti nzima alipie kufungwa huko, tena kwa bei yake peke yake, mbali na bei ya video.

Halafu liko jambo la msimbo wa matangazo, na hili linaniuma mpaka leo. Atakuomba ufungue mipangilio ya video, uwashe "Ad authorization", umtumie msimbo, na atakwambia ni "utaratibu tu". Si utaratibu. Msimbo huo unamruhusu kuichukua video yako, yenye jina na sura yako, na kuilipia iwafikie watu kama tangazo. TikTok inakuchagulisha muda: siku 7, 30, 60 au 365. Yeye ataomba 365. Wangu aliomba hivyo, na mkataba ulipokwisha video iliendelea kuzunguka, watu wananiuliza bei ya nyumba ambayo sina uhusiano nayo tena, na wenye nyumba wengine wananikwepa wakidhani bado ni mtu wake. Mpe siku 30, na kila siku 30 nyingine zilipiwe upya.

Kwa hiyo kanuni ni moja: video haitoki kabla pesa ya video haijaingia. Nusu iingie M-Pesa kabla hujapanda boti kwenda kupiga picha. Nusu ya pili iingie akishaiona video, ukiwa umemwonyesha kwenye simu yako au umemtumia nakala yenye jina lako limepita katikati. Asilimia iwe nyongeza juu ya hapo, kamwe isiwe ndiyo malipo.

Na hiyo nyongeza nayo usiiache mikononi mwa dalali kuihesabu. Mpe mgeni sababu ya kukutaja. Kinachofanya kazi Lamu ni boti ya kutoka uwanja wa ndege wa Manda. Kila anayekuja kwa ndege lazima avuke maji, na boti hiyo analipa. Mkubaliane na mwenye nyumba, yeye mwenyewe na si dalali peke yake, kwamba mgeni akitaja neno lako, lile ulilolisema kwenye video, anavushwa bure, awe amelipia chumba Airbnb, kwa simu au popote. Hapo mgeni atakutaja bila kuulizwa kwa sababu anataka boti yake, na nahodha anajua kila siku amevusha wangapi kwa neno lako. Ukitaka kujua kama unaibiwa, linganisha orodha ya nahodha na ya dalali. Kwenye mkataba muandike kwamba mgeni anahesabika mpaka miezi 6 baada ya video ya mwisho, kwa sababu ya ile Agosti na Desemba, na kwamba unalipwa mgeni anapoondoka, maana bukingi nyingine hufutwa.

Kabla ya kutaja bei, fungua takwimu za akaunti yako uone watazamaji wako wanaishi wapi. Kama wengi ni Nairobi, una kitu cha kumuuzia mwenye nyumba, na skrinshoti hiyo ndiyo ya kumwonyesha, si idadi ya wafuasi. Kama wengi ni vijana wa Lamu, Malindi na Mombasa, hawatalala nyumba ya 12,000 hata wakuangalie mara milioni, na asilimia 10 yao ni sufuri. Angalia pia tarehe za mkataba. Ukianzia Aprili umekwisha, mvua ya masika na kusi vinakuja, nyumba nyingi za Shela zinafungwa, na miezi yako mitatu inateketea bila mgeni hata mmoja.

Kodi: anayekulipa kutangaza anatakiwa akukate asilimia 5 na kuipeleka KRA kwa PIN yako. Akikata, dai cheti. Wangu alikata, cheti sikukiona.

Mwandikie leo hivi: "Video moja ni shilingi kadhaa, nusu kabla ya kupiga picha, msimbo siku 30, kifungu cha kaunti kitoke, asilimia ihesabiwe kwa neno langu." Akikwambia kwamba wenzako wote wamekubali bila maswali, mwambie awachukue hao. Na kama tayari amekutumia mkataba, ziba majina na namba uniletee inboksi kabla hujatia sahihi, nitakuonyesha kifungu chenyewe kilipo.