Springi ikivutwa mara mbili, mbona muda ni ule ule?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimening'iniza mzigo wa kilo 0.4 kwenye springi yenye k = 10 N/m. Nikauvuta chini sm 10, nikauachia, mitetemo 10 ikachukua sekunde 12.9. Nikauvuta sm 20, nikapata 12.9 tena. Nina hakika nimekosea kuhesabu, maana njia imekuwa ndefu mara mbili. Pia kasi ya juu kabisa nimepata 0.31 m/s, lakini jibu nililopewa ni 0.5. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Kuhesabu hukukosea. Kipimo chako ni kizuri, na kinachonisikitisha ni kwamba ulikuwa tayari kukitupa ili kuokoa wazo ambalo ndilo lenye kosa.

Kila mwaka naletewa madaftari ambamo mwanafunzi amepima vizuri, kisha akafuta namba zake na kuandika nyingine, kwa sababu mtu fulani alimwambia kuwa njia ndefu lazima ichukue muda mrefu. Hilo lingekuwa kweli kama mzigo ungekwenda kwa kasi ile ile. Hauendi hivyo. Springi iliyovutwa sm 20 kutoka mahali pa msawazo inaurudisha mzigo kwa kani iliyo maradufu ya ile ya sm 10. Kani maradufu kwa tungamo lile lile ni mchapuko maradufu, na hali ni hiyo hiyo katika kila hatua ya safari: ukiwa nusu ya njia, ukiwa robo, popote. Kwa hiyo katika kila hatua mzigo wa safari ndefu una kasi maradufu ya ule wa safari fupi. Njia mara mbili kwa kasi mara mbili, muda unabaki pale pale. Ndiyo maana amplitudo haimo kabisa kwenye fomula ya kipindi, T = 2π√(m/k). Haikusahauliwa, imejifuta yenyewe.

Weka namba zako humo: 0.4 ukigawa kwa 10 ni 0.04, kipeuo chake cha pili ni 0.2, ukizidisha kwa 2π unapata sekunde 1.26. Mitetemo 10 ingechukua sekunde 12.6, wewe umepata 12.9. Usiilaumu saa. Springi nayo ina tungamo lake, na inatetemeka pamoja na mzigo: ncha ya juu haisogei, ya chini inakwenda sawa na mzigo. Ukijumlisha mchango wa koili zote, ni kana kwamba theluthi moja ya tungamo la springi imeongezwa kwenye mzigo. Ipime springi yako kwenye mizani. Ikiwa na gramu 60 hivi, theluthi yake ni gramu 20, m inakuwa kilo 0.42, na mitetemo 10 inachukua sekunde 12.9 kamili.

Sasa tuje kwenye kasi, maana hapa ndipo uvumilivu wangu unapofika mwisho. Najua ulivyofanya bila kuliona daftari lako. Mtetemo mmoja ni mara 4 ya sm 10, yaani sm 40. Ukagawa kwa sekunde 1.29 na kupata 0.31. Hiyo ni kasi ya wastani. Kasi ya juu kabisa ni kitu kingine, na wanaouza vijikaratasi vya "fomula za haraka" wanaandika kasi = umbali ÷ muda kana kwamba inatosha kwa kila kinachosogea.

Utazame mzigo wako kwa karibu tangu unapouachia hadi unapopita katikati. Hiyo ni robo ya mtetemo, sekunde 0.32. Igawe mafungu matatu yaliyo sawa. Katika fungu la kwanza mzigo unasogea sm 1.3 tu, kwa sababu umeanza kutoka kwenye kutulia. Katika la pili unasogea sm 3.7. Katika la mwisho unakwenda sm 5, nusu nzima ya safari. Ukipima kasi kwa hilo fungu la mwisho peke yake tayari unapata 0.47 m/s, na bado haujafika katikati, ambako kasi ndiyo kubwa kuliko kote. Kugawa umbali wote kwa muda wote kunachanganya zile nyakati za kujikokota kwenye ncha za njia na zile za kukimbia pale katikati.

Njia sahihi ni hii. Fikiria nukta inayozunguka duara lenye nusukipenyo sm 10 kwa mwendo usiobadilika, ikimaliza mzunguko kwa sekunde 1.29. Kivuli chake ukutani kinapanda na kushuka kama mzigo wako. Kivuli kinapopita katikati, nukta yenyewe inaelekea juu au chini moja kwa moja, kwa hiyo kasi ya kivuli wakati huo ni kasi kamili ya nukta: mzingo wa duara ukigawanywa kwa kipindi, 2πA/T. Kwako ni 0.49 m/s. Ukiipuuza tungamo la springi ni 0.5 kamili, jibu ulilopewa. Wewe ulitumia 4A badala ya 2πA. Ukivuta sm 20 kasi hiyo inafika karibu 1 m/s, hivyo kile ulichotarajia kiongezeke kimeongezeka kweli, ila ni kasi na si muda.

Ukitaka kujihakiki bila kumtegemea mtu, tumia nishati. Kwa namba za kitabu, ½kA² ni jouli 0.05, na ½mv² yenye kasi 0.5 ni jouli 0.05 pia. Ukiweka 0.31 yako unapata chini ya jouli 0.02, na zaidi ya nusu ya nishati imepotea bila maelezo.

Vijikaratasi hivyo hivyo vinafanya kosa jingine: vinachomeka g kwenye kipindi cha springi kwa kuwa springi imening'inia. g ni ya pendulamu. Hapa kazi yake ni kuushusha mzigo hadi kwenye msawazo wake, mg/k, ambayo kwako ni sm 39 chini ya urefu wa asili wa springi. Amplitudo hupimwa kutoka hapo uliposhuka, na anayeipima kutoka urefu wa asili ataharibu kila namba inayofuata. Mzigo huo huo na springi hiyo hiyo mahali penye mvutano mdogo ungetulia juu zaidi, na kipindi kingebaki kile kile.

Hiyo sm 39 ndiyo pia mpaka wa jaribio lako. Ukivuta zaidi yake, mzigo utapanda kupita urefu wa asili. Springi ambayo koili zake tayari zimegusana haiwezi kubonyea, basi utasikia ikigonga au utaona mzigo ukiruka ovyo, na hapo kipindi kitabadilika kweli. Kabla ya kuvuta, weka alama mahali mzigo unapotulia. Ukimaliza na ukakuta umetulia chini ya alama hiyo, springi imevutwa kupita uwezo wake, na ile k = 10 si yake tena.