Simu mkobani, macho kwa dada

"Jumamosi ni sendofu ya dada. Ya binamu nilirekodi yote, sasa sikumbuki hata mama yake alisema nini. Nifanyeje?"

Pole, ndugu yangu. Mwaka 2014 mtafiti Linda Henkel alichapisha jaribio lililofanyika kwenye jumba la makumbusho: waliopiga picha kitu kizima walikikumbuka kidogo kuliko waliokitazama tu, ila waliovuta karibu sehemu moja hawakupungukiwa. Kwa hiyo piga chache, ukitazama vizuri.

Mimi hujiuliza: kuna mwingine atakayeipata picha hii? Keki na kuingia ukumbini, mwachie mpiga picha aliyelipwa. Wewe nenda mapema chumbani dada anapovalishwa. Mikono ya bibi ikimfunga mkufu, hiyo piga, mara mbili tatu, kisha zima data na utie simu mkobani. Waliomo humo waombe ruhusa kwanza, hasa waliovua hijabu.

Mama akishika maikrofoni, washa kinasa sauti na uilaze simu mezani, kioo chini. Jaribu kabla, muziki wa ukumbini humeza sauti. Halafu mtazame mama usoni hadi amalize.