Mechi huisha kabla ya matuta: kwa vijana wanaoanza kuandika matokeo ya mtoano

Kila hatua ya mtoano ikianza, ripoti zinazoletwa na vijana wapya huja na kasoro zile zile. Mmoja ameandika kuwa Zambia iliifunga Ivory Coast mabao 8-7 katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2012. Jamani, mechi ile ya Libreville haikuwa na bao hata moja! Dakika 120 zilimalizika 0-0, Zambia wakatwaa kombe kwa matuta 8-7. Atakayesoma ripoti ile miaka ijayo ataamini yalifungwa mabao 15 siku ile, na hilo linaniuma, kwa sababu kazi yetu ni kumbukumbu.

Basi shikeni jambo moja, mengine yatajipanga yenyewe: muda wa ziada ni sehemu ya mechi, matuta si sehemu ya mechi. Sheria ya 10 ya mchezo inasema mikwaju hiyo hupigwa baada ya mechi kumalizika. Matokeo ya mechi yanabaki sare. Matuta yanaamua tu nani asonge mbele au nani abebe kombe.

1. Muda wa ziada ni vipindi viwili vya dakika 15, na vyote viwili huchezwa hadi mwisho. Bao la kwanza halimalizi mechi. Bao la dhahabu lilifutwa mwaka 2004. Msichanganye dakika hizi 30 na zile za nyongeza ambazo mwamuzi wa akiba huzionyesha kwenye kibao, maana hata kila kipindi cha muda wa ziada huwa na nyongeza yake.

2. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wenu mnapoteleza. Mchukueni Asamoah Gyan kwenye Kombe la Dunia la 2010. Ndani ya wiki moja yalimkuta mambo matatu, na kila moja linaandikwa kwa namna yake.

La kwanza, Juni 26, Ghana na Marekani walitoka 1-1 ndani ya dakika 90. Gyan akafunga dakika ya 93, mwanzoni kabisa mwa muda wa ziada. Mpira uliendelea hadi dakika 120 zikatimia, Ghana wakashinda 2-1. Bao lile ni la kwake kama bao lolote la dakika ya 20, na ushindi ule ni ushindi wa mechi.

La pili, Julai 2, robo fainali dhidi ya Uruguay jijini Johannesburg. Muntari alitangulia kufunga, Forlán akasawazisha, dakika 90 zikaisha 1-1. Mwishoni kabisa mwa muda wa ziada, kichwa cha Adiyiah kikiwa kinaingia wavuni, Luis Suárez akauzuia mpira kwa mikono kwenye mstari wa goli. Kadi nyekundu, penalti. Gyan akapiga, mpira ukagonga mwamba wa juu na kutoka. Penalti ile ilikuwa ya ndani ya mechi. Ingeingia, tungeandika Ghana 2-1 Uruguay, na Ghana wangekuwa nusu fainali bila tuta hata moja kupigwa. Bado naumia nikiiandika.

La tatu, dakika chache baadaye, Gyan yule yule alikwenda kupiga mkwaju wa kwanza wa Ghana kwenye matuta, akafunga. Mkwaju ule haumo katika hesabu yake ya mabao. Alimaliza mashindano akiwa na mabao matatu: dhidi ya Serbia, Australia na Marekani. Kijana akiniletea orodha ya wafungaji yenye mabao manne ya Gyan, najua papo hapo amechota wapi lile la nne.

Kwa hiyo mstari wa matokeo unaandikwa hivi: Uruguay 1-1 Ghana (baada ya dakika 120, Uruguay 4-2 kwa matuta). Msijumlishe mkapata 5-3. Na kwenye takwimu za mechi mnaandika sare kwa timu zote mbili, hata kama mmoja analia na mwenzake anacheza ngoma.

3. Jifunzeni kuhesabu matuta yanaisha lini, ili msije kushangaa mkwaju wa tano haukupigwa. Mechi ni ile ile. Uruguay walianza kupiga. Wakafunga Forlán, Victorino na Scotti. Ghana wakafunga Gyan na Appiah, kisha Muslera akaokoa wa John Mensah. Maxi Pereira akapaisha juu, na Ghana wakapata nafasi ya kusawazisha, lakini Muslera akaokoa na wa Adiyiah. Kila timu imepiga minne: Uruguay tatu, Ghana mbili. Akaja Abreu kupiga wa tano, akaudokoa mpira taratibu juu, katikati ya goli, ikawa nne. Ghana walibakiwa na mkwaju mmoja, ambao hata ukiingia unawafikisha tatu tu. Mwamuzi akamaliza hapo hapo. Swali la kujiuliza baada ya kila mkwaju ni moja: aliye nyuma akifunga yote iliyobaki, anamfikia mwenzake? Kama hafiki, imeisha. Kama Abreu angekosa, ingebaki 3-2, Ghana wangekuwa na nafasi ya kusawazisha, na wakisawazisha wangeendelea mkwaju mmoja mmoja mpaka mmoja afunge na mwenzake akose.

Kuna kitu kingine kwenye mechi hiyo ambacho ripoti nyingi hukisahau. Uruguay walimaliza wakiwa 10 kwa ajili ya kadi ya Suárez. Sheria inataka idadi ya wapigaji ilingane, hivyo timu yenye 11 huondoa mmoja. Sababu yake inaonekana matuta yakienda mbali: hakuna anayepiga mara ya pili kabla wenzake wote hawajapiga, kipa akiwamo. Bila kusawazisha idadi, timu yenye 10 ingemrudisha mpigaji wake bora wakati wapinzani bado wanamsubiri mtu wao wa 11, ambaye mara nyingi ndiye wanayemwogopa.

4. Wanaopiga ni wale waliokuwa kwenye mchezo filimbi ya mwisho ilipolia. Ndiyo maana Louis van Gaal alimwingiza kipa Tim Krul dakika za mwisho kabisa za muda wa ziada, Uholanzi dhidi ya Costa Rica mwaka 2014. Angesubiri filimbi, angekuwa amechelewa. Krul akaokoa mikwaju miwili.

5. Kwenye matuta, mpira ukirudi kutoka kwa kipa au mwamba haumaliziwi na mtu. Kadi ya njano ya ndani ya dakika 120 haihamii kwenye matuta.

6. Kabla ya mechi, someni kanuni za mashindano husika, maana si kila mtoano una muda wa ziada. Kwenye Copa América ya 2024, robo fainali zilizoisha kwa sare zilikwenda moja kwa moja kwenye matuta baada ya dakika 90, kwa hiyo kuandika "baada ya dakika 120" kwa Argentina na Ecuador ni kosa. Fainali ndiyo iliyokuwa na muda wa ziada, na Lautaro Martínez akaifungia Argentina bao pekee dhidi ya Colombia dakika ya 112. Hilo liandikeni 1-0, na muweke alama ya muda wa ziada pembeni.