21,600, vito 17, na saa inayokwenda mbele

"Saa yangu ya kutia ufunguo imeandikwa vito 17, na fundi ananiambia inapiga 21,600. Namba hizo ni za nini? Na mbona imeanza kwenda mbele dakika 5 kwa siku?"

21,600 ni mapigo kwa saa moja. Gawa kwa 3,600, unapata mapigo 6 kila sekunde. Ndiyo maana mshale wa sekunde unatambaa, hauruki kama wa saa ya betri.

Pigo moja ni hivi. Springi kuu inasukuma magurudumu, na la mwisho lina meno yaliyochongoka, mara nyingi 15. Linataka kuzunguka ovyo, lakini uma mdogo wenye vito viwili umelizuia: jino limeegemea kito, limekwama. Pembeni kuna gurudumu linalobembea huku na huku kwa springi nyembamba kama unywele. Likipita katikati, kipini chake kinagonga uma, kito kinachomoka, jino linateleza juu ya uso wake na kuusukuma uma, nao unalirudishia gurudumu nguvu kidogo. Papo hapo jino jingine linadondokea kito cha pili. Mdondoko huo ndio unaochangia zaidi ile "tik". Kila jino hupiga mara mbili, kwa hiyo meno 15 ni mapigo 30, yaani mzunguko mmoja kwa sekunde 5.

Vito si pambo. Ni rubi za kutengenezwa, ngumu na laini usoni, zinazowekwa penye msuguano. Hesabu ya 17: viwili kwenye uma, kimoja ndicho kipini, vinne vinashika ncha za gurudumu linalobembea, na kumi vilivyobaki vinashika ncha za uma na za magurudumu manne, viwili viwili. Hapo sehemu nyeti zote zimeshapata. Saa ya vito 25 haiwi sahihi zaidi kwa sababu hiyo tu; mara nyingi vya ziada ni vya mtambo wa kujijaza.

Sasa dakika 5 zako. Ni sekunde 300, mara 6, mapigo 1,800 ya ziada juu ya 518,400 ya siku nzima. Kuchakaa kwa kawaida hakuleti ghafla namna hiyo. Shuku springi ya unywele: mizunguko yake ikigusana inakuwa kama imefupishwa, na springi fupi hubembeza haraka. Wa kwanza kulaumiwa ni sumaku, ya spika au ya kifuniko cha simu. Sogeza dira karibu na saa. Sindano ikiyumba, saa imeshika sumaku, na fundi huitoa kwa kifaa chake kwa sekunde chache bila hata kuifungua.

Dira ikitulia, huenda ni mafuta. Kuna anayefungua mgongo na kudondoshea mafuta ya cherehani. Springi hiyo haitiwi mafuta kabisa. Tone moja linagandisha mizunguko pamoja. Hapo haiponi kwa kusogeza kile kijiti cha kurekebisha mwendo. Lazima ioshwe.