Mkataba wa lugha mbili: upange vipi, na toleo lipi liwe na nguvu

Mfanyabiashara wa Kigoma anayeuza chumvi ya Uvinza kwa mnunuzi wa Bujumbura hupatana naye kwa Kiswahili. Bei, idadi ya magunia na nani alipie boti, yote huzungumzwa bila mkalimani. Kifaransa huingia baadaye, mnunuzi anaposema benki yake na mhasibu wake wanataka mkataba wanaoweza kuusoma. Hapo ndipo karatasi hizi huniangukia mimi mfasiri, na mara nyingi zinakuja zimeshaharibika: mkataba wa Kiswahili kwenye faili lake, wa Kifaransa kwenye faili jingine, kila mmoja na kurasa zake na sahihi zake.

Usikubali mpangilio huo. Mafaili mawili hayaendi pamoja. Mtu akirekebisha kifungu cha 6 kwenye moja saa ya mwisho, jingine linabaki na maneno ya jana, na hakuna atakayegundua mpaka siku ya ugomvi.

Weka lugha zote mbili kwenye faili moja, ndani ya jedwali lenye safu mbili, Kiswahili kushoto na Kifaransa kulia. Usitumie zile safu za kigazeti, ambazo maneno hushuka mpaka chini ya ukurasa kisha yakapanda safu ya pili, kwani hazilinganishi chochote. Kwenye jedwali, kila kifungu kidogo kipate mstari wake. 5.1 ya kushoto ikae ubavuni mwa 5.1 ya kulia, na 5.2 ianze mstari mpya hata kama upande mmoja umebaki na nafasi tupu. Kifaransa hupenda kurefuka, kwa hiyo safu ya kulia naipanua kidogo. Kwenye Word, ondoa alama ya `Allow row to break across pages` ili kifungu kisikatike katikati ya kurasa mbili, na uwashe `Repeat Header Rows` ili majina ya lugha yajirudie juu ya kila ukurasa.

Namba za vifungu ziandike kwa mkono. Ukiiachia Word ihesabu yenyewe, itapita kushoto kwenda kulia: Kiswahili kitapata 1, Kifaransa 2, kisha Kiswahili 3. Nimeuona mkataba ambao kifungu cha malipo kilikuwa cha 9 upande mmoja na cha 10 upande wa pili, na barua ya madai ikataja "kifungu cha 9" bila kusema cha upande gani.

Faida ya jedwali ni kwamba kasoro inajionyesha. Kisanduku kitupu maana yake kuna kilichosahauliwa. Kisanduku chenye mistari minane kinachotazamana na chenye miwili maana yake mtu ameongeza lake au amepunguza.

Chukua mfano huu, ambao nimeutengeneza kwa kufuata makosa ninayokutana nayo. Muuzaji anauza tani 30, yaani magunia 600 ya kilo 50. Malipo ya awali ni asilimia 30. Kuhusu salio, Kiswahili kinasema lilipwe ndani ya siku 14 tangu chumvi ipakiwe bandari ya Kigoma. Kifaransa kinasema siku 14 tangu ipokelewe Bujumbura. Ukisoma harakaharaka ni kitu kilekile, siku 14. Sasa boti ikichelewa siku kumi, muuzaji anasubiri pesa yake siku kumi za ziada. Boti ikizama, kwa Kiswahili siku zimeshaanza kuhesabiwa na salio linadaiwa. Kwa Kifaransa hazitaanza kamwe, kwa sababu hakuna kilichopokelewa. Tofauti hiyo inaamua nani abebe hasara ya asilimia 70 ya mzigo.

Ndiyo maana ukaguzi wangu hauanzi na ufasaha. Mtu mmoja asome kushoto kwa sauti, mwingine afuate kulia, wote wakizungushia kalamu kila namba, kila siku inapoanza kuhesabiwa na kila palipo na "atalazimika" au "anaweza". Saa nazo ziangaliwe: saa 2 asubuhi ya kwetu iandikwe 08:00 upande wa Kifaransa, na itajwe kuwa ni saa za Kigoma, maana Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja. Bei, uzito na namba za akaunti ziweke kwenye kiambatisho, mara moja tu, chini ya vichwa vya lugha zote mbili. Kilichoandikwa mara moja hakiwezi kujipinga.

Hata ukikagua hivyo, kitu kinaweza kupita. Hapo ndipo kinahitajika kifungu cha lugha. Mimi huanzia na hiki, kisha wakili hukirekebisha:

"Mkataba huu umeandikwa kwa Kiswahili na Kifaransa. Endapo kutakuwa na tofauti yoyote kati ya matoleo hayo mawili, toleo la Kiswahili ndilo litakalokuwa na nguvu. Toleo la Kifaransa linaweza kutumika kufafanua toleo la Kiswahili pale tu ambapo toleo la Kiswahili lenyewe halieleweki. Kifungu hiki kinahusu pia viambatisho na marekebisho yote ya Mkataba huu."

Sentensi ya tatu wengi huiacha. Wanasahau kwamba toleo lenye nguvu nalo linaweza kuwa na utata, na bila sentensi hiyo mtu atadai la pili lisiguswe kabisa. Sentensi ya mwisho ni kwa ajili ya ile karatasi ya nyongeza ya bei inayosainiwa miezi mitatu baadaye kwa Kifaransa peke yake.

Kosa baya kuliko yote ni mfasiri kugeuza jina la lugha pamoja na sentensi. Kushoto pakasema Kiswahili kina nguvu, kulia pakasema Kifaransa ndicho. Kifungu cha namna hiyo hakiamui lolote. Safu zote mbili lazima zitaje lugha ileile. Namkataa pia anayeandika "matoleo yote yana nguvu sawa" akaishia hapo. Inasikika kama haki, lakini inamwachia hakimu aamue. Kanuni za UNIDROIT za mikataba ya biashara ya kimataifa, kifungu cha 4.7, zinaelekeza kwamba matoleo yakiwa na nguvu sawa na yakatofautiana, uzito upewe tafsiri inayofuata toleo lililoandikwa kwanza. Ni mwongozo mzuri, ila mahakama ya Kigoma hailazimiki kuufuata kama wenyewe hamkuutaja.

Kwa nini nachagua Kiswahili? Si uzalendo. Mapatano yalifanyika kwa Kiswahili, na kama mkataba unasema mashauri yatafunguliwa Tanzania, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Toleo la Kifaransa lingehitaji kutafsiriwa tena kabla hakimu hajalisoma, na hilo ni toleo la tatu la kugombania. Mkikubaliana kushitakiana Bujumbura, hoja yangu inageuka, na ningempa mnunuzi Kifaransa chake. Lugha yenye nguvu na mahali pa shauri viamuliwe pamoja.

Kifungu hiki hakimwokoi aliyedanganya. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka ridhaa ya hiari. Ukimwambia mwenzako safu yake inasema hivi huku ukijua ya kwako inasema vingine, atakwenda mahakamani kupinga ridhaa yenyewe, na lugha yenye nguvu haitakuwa hoja tena.

Sahihi ziwe seti moja, chini ya jedwali, zikikata safu zote mbili. Herufi za mwanzo za majina ya wanaosaini ziwekwe chini ya kila ukurasa, kiambatisho kikiwemo. Mnunuzi akitaka nakala ya Kifaransa pekee kwa ajili ya benki, mpe, lakini igongwe muhuri wa "nakala ya rejea" na isiwe na sahihi ya mtu yeyote.